Mapigo Sita

Kwa miaka saba nilikuwa mtu wa kuandika handikapu, zile namba za uwezo wa kila mchezaji, katika klabu yetu ya gofu, nje kidogo ya mji wa Kericho. Nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya upili karibu na Sosiot, na kamati ilinichagua kwa sababu hiyo hiyo. Walisema mwalimu wa hesabu hawezi kukosea kuondoa na kujumlisha. Kila Jumatatu baada ya masomo nilipanda kwenda klabuni, nikatoa kadi zilizotumbukizwa ndani ya sanduku, nikaketi kwenye chumba kidogo nyuma ya baa, nikapiga hesabu. Kisha nilitoka na kalamu ya risasi nikarekebisha namba kwenye ubao uliokuwa ukutani, mbele ya macho ya kila mwanachama.

Aliyenileta klabuni alikuwa injinia wa mashine katika kiwanda kimoja cha majani chai. Alikuwa mtu wa kutoka upande wa ziwa, amenizidi miaka kumi na moja, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyefungua na kufunga nati maisha yake yote. Tulikutana alipokuja shuleni kututengenezea pampu ya maji. Alimaliza kazi, akanawa mafuta mikononi, akaniuliza kama nimewahi kushika fimbo ya gofu. Nilicheka. Nilimwambia huo ni mchezo wa mameneja.

"Mimi si meneja," akasema. "Na nawapiga."

Ilikuwa kweli. Handikapu yake ilikuwa tano, na hapakuwa na mwanachama mwingine pale klabuni mwenye namba ndogo kama hiyo. Mimi nilipoanza nilipewa ishirini na nane, namba ya mwisho kabisa kwa mwanamume. Maana yake ni kwamba pale ambapo mchezaji hodari angemaliza mashimo kumi na nane kwa mapigo sabini hivi, mimi nilitarajiwa kuhitaji karibu mia moja.

Siku aliyoniambia tushindane nilidhani ananitania. Alichukua kadi akanionyesha. Ishirini na nane toa tano ni ishirini na tatu. Tukishindana shimo kwa shimo, mtu na mtu, yule hodari humpa mwenzake robo tatu ya tofauti hiyo. Robo tatu ya ishirini na tatu ni kumi na saba na kitu, basi kumi na saba. Kando ya kila shimo kwenye kadi kuna namba inayoonyesha ugumu wake, kuanzia moja, lile gumu kuliko yote, hadi kumi na nane. Mimi ningepunguziwa pigo moja katika kila shimo, isipokuwa lile rahisi kuliko yote. Nikipiga sita, inahesabiwa tano. Yeye akipiga tano, tumetoka sare shimo hilo.

"Lakini hapo si umenionea huruma tu?" nikamuuliza.

Hakupenda swali lile. "Huruma ni nikikosa makusudi ili ushinde," alisema. "Hapa sitakosa makusudi hata mara moja. Nitacheza kwa nguvu zangu zote na wewe kwa zako zote. Namba inahakikisha kwamba atakayeshinda ni yule aliyecheza vizuri leo kuliko kawaida yake. Sikia, Mwalimu. Namba ikiwa ya kweli, mtoto na baba yake wanaweza kushindana na wote wawili wakaogopa."

Nilimshinda siku ile kwenye shimo la mwisho. Aliogopa kweli, nilimwona. Alinipa mkono akiwa amekasirika kidogo na kufurahi sana, na tangu siku hiyo tukawa marafiki. Miaka ile watu wa kwetu na watu wa kwao walikuwa wameanza kutazamana kwa jicho baya, na majirani wengine walihama. Sisi tulikutana kila Jumapili baada ya ibada, kila mmoja akitoka kanisani kwake, tukacheza kabla mvua ya mchana haijashuka kutoka msituni. Handikapu yangu iliteremka mwaka baada ya mwaka hadi kumi na nne. Yake ilibaki tano.

Sijui ilianza lini. Nilichoona kwanza ni mpira wake. Ule uliokuwa ukiruka hadi karibu na mti wa mkaratusi kwenye shimo la pili ukaanza kuanguka hatua ishirini kabla ya mti, kisha hatua arobaini. Baadaye nikaona mguu wa kulia, alikuwa anauburuta kidogo akipanda mlima. Halafu mkono. Ulitetemeka akiwa ameketi, ukiwa umelala juu ya paja bila kazi, kidole gumba kikizunguka kana kwamba anaviringisha punje ya mahindi. Akigundua ninautazama, aliukalia.

Watu walianza kusema ni pombe. Mtu huyu hakuwa ameonja pombe tangu abatizwe. Alikunywa chai ya rangi, sukari vijiko vitatu. Lakini ukiketi kwenye baa ya klabu na mkono wako unatetemeka hata chai inamwagika kwenye kisahani, nani atauliza kilichomo kikombeni?

Kadi zake zilinifikia mimi. Mchezaji akiharibu siku moja, kanuni zetu za wakati huo zilimpandisha sehemu moja tu ya kumi. Kanuni zilikuwa na imani kwamba mtu hodari akianguka leo, kesho atasimama. Kadi kumi na moja mbaya, moja baada ya nyingine, zilimtoa tano na ushei hadi sita na ushei. Kwenye ubao niliandika sita. Lakini mtu wa handikapu sita hapigi mapigo tisini na mbili, tisini na nne, tisini na saba. Kisha kadi zikaacha kuja. Alikuwa anacheza halafu anaichana kadi na kuitia mfukoni.

Kamati ilikuwa na uwezo wa kurekebisha. Mtu akiugua au akiumia, na uchezaji wake wote ukaonyesha kwamba namba yake haimfai tena, kamati huipandisha mara moja bila kungoja sehemu za kumi. Kilichotakiwa ni mimi nisimame niseme. Sikusema. Nilijiambia kwamba handikapu ndogo kuliko uwezo haimwibii mtu. Anayejiongezea namba ndiye mwizi, huyu anajiumiza mwenyewe tu.

Kisha ikaja ratiba ya kombe la mtoano, na jina langu likawa mkabala na lake.

Sita na kumi na nne. Tofauti nane, robo tatu yake ni sita. Yeye, ambaye hakuweza kufunga kifungo cha shati bila mkewe, ndiye aliyetakiwa kunipa mimi mapigo sita.

Tulianza saa mbili asubuhi, umande ukiwa bado mzito. Kwenye shimo la kwanza alishindwa kukisimamisha kijiti cha kuwekea mpira. Mpira ulianguka, akauokota, ukaanguka tena. Nilitazama upande wa mashamba ya chai, wachumaji walikuwa wanaingia na vikapu mgongoni, nikajifanya nawahesabu. Alipofaulu alipiga kwa nusu ya mkono, kama mtu anayefukuza kuku. Mpira ukaenda chini chini na kusimama karibu.

Kwenye shimo la tano alicheza kama zamani. Lilikuwa la tatu kwa ugumu, na mimi nilikuwa na pigo langu hapo. Sijui nguvu alizitoa wapi. Alipiga mara mbili safi, akafika karibu na grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo, akamaliza kwa tano. Alisimama akihema, jasho likimtiririka, na usoni mwake nikamwona yule mtu aliyetengeneza pampu yetu. Mimi nami nilimaliza kwa tano. Tano yangu, toa pigo moja, ilikuwa nne. Shimo likawa langu.

Alitazama kadi.  Aliingiza mkono mfukoni, na kitambaa cha suruali kikaanza kutikisika.

Kwenye shimo lililofuata nilikuwa na mpira hatua moja kutoka shimoni, nikausukuma nje makusudi.

"Rudia," akasema.

"Nimekosa, Injinia."

"Mwalimu, usinidharau." Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo siku hizo, ilibidi nisogee kumsikia. "Mimi sikukukosea makusudi hata siku moja. Ukinifanyia hivyo tena, naondoka, na tusijuane."

Basi nikacheza. Nilimmaliza kwenye shimo la kumi na mbili, nikiwa mbele kwa mashimo saba na yamebaki sita tu. Sijawahi kushinda kitu kwa aibu kama ile. Tulirudi tukipita nyuma ya banda la mashine za kukatia nyasi, na hapo akaketi juu ya gogo akaniambia. Alikuwa amekwenda kwa daktari Nakuru, kimya kimya, bila barua ya kampuni. Daktari alimtembeza chumbani, akamgongesha vidole, akamwambia ni ugonjwa wa kutetemeka unaotoka kwenye ubongo. Zipo dawa za kuupunguza. Za kuuponya hakuna.

"Kampuni wanajua?" nikauliza.

"Wakijua wananistaafisha. Nyumba ni ya kampuni. Watoto wawili bado wako shule." Aliushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayemshika mwizi. "Mameneja wote wanasoma ubao wako. Injinia wa sita akiwa ishirini ghafla, watauliza kuna nini. Ukiandika ishirini pale, umenichimbia kaburi. Niachie sita yangu."

Nilimwahidi. Sikuwa na nguvu ya kumnyima.

Miezi miwili baadaye mkewe alikuja shuleni. Nilikuwa darasani, nikamwona kupitia dirishani akiwa amesimama kwenye mvua bila mwavuli. Nilimpeleka chumba cha walimu. Alikataa kuketi.

"Shemeji, wamempa barua ya pili," akasema. "Ulevi kazini. Ya tatu ni kufukuzwa. Mtu ambaye hata divai ya harusi hajanywa!"

"Si awaonyeshe karatasi ya daktari?"

"Ameificha. Nimetafuta nyumba nzima. Anasema heri waseme ni mlevi, mlevi anaweza kuacha." Hapo ndipo alipolia, kwa hasira, akijipangusa kwa kiganja. "Na wewe unakaa pale unaandika sita, sita. Kila wiki sita. Wewe ndiye una kadi zake. Wewe unajua kuliko mtu yeyote, na umenyamaza kama wao."

 Jioni ile, jua likiwa halijazama bado, nilimfuata mumewe kiwandani. Nilimkuta upande wa kukaushia majani, pale hewa inaponuka mboga iliyochemka, akipigana na bolti moja. Nilimwambia nataka kulipeleka jambo lake kwenye kamati.

"Hapana."

"Watakufukuza kwa ulevi. Utaondoka na jina baya na hutapata hata kiinua mgongo."

"Nimesema hapana."

"Injinia, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba namba ikiwa ya uongo..."

"Nilikufundisha mchezo!" Mafundi wawili waligeuka kutazama. Alikuja karibu, uso wake haukusogea, kwa sababu ugonjwa ule hukausha uso, lakini macho yalikuwa yanawaka. "Huu si mchezo. Huu ni mwili wangu. Ukiuweka ukutani watu wausome, usinisalimie tena."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, njia nzima kati ya chai na chai. Siku tatu sikula vizuri. Mke wangu aliniuliza kama ninaumwa. Nilitaka mtu aniambie la kufanya, na kila niliyemfikiria ilinibidi kwanza nimtolee siri isiyo yangu.

Kamati ilikaa siku ya Alhamisi saa kumi. Tulikuwa watu watano mezani, mmoja wao msaidizi wa meneja wa kiwanda kile kile, kijana mwenye handikapu tisa aliyetia sahihi zile barua mbili. Yalipofika mambo ya handikapu nilitoa bahasha. Nilikuwa nimetunza kadi zake zote za miaka sita. Nilizipanga juu ya meza kwa mwaka na mwezi, kama ninavyowapangia wanafunzi.

Sikulitaja jina la ugonjwa. Nilisema tu, "Tazameni namba."

Walitazama. Sabini na tano, sabini na sita, sabini na sita. Sabini na nane. Themanini. Themanini na mbili, themanini na tatu. Themanini na sita. Tisini na mbili, tisini na nne, tisini na saba.

"Nimeandika kadi za walevi wa klabu hii kwa miaka mingi," nikasema, "na ninyi mnawajua. Mlevi leo anapiga mia, wiki ijayo amelala vizuri anapiga themanini. Kadi zake zinapanda na kushuka kama milima. Hapa hakuna hata siku moja nzuri iliyorudi. Ni mteremko mmoja tu. Huyu mtu anaumwa, na ameumwa miaka miwili mbele ya macho yetu. Nimecheza naye. Uwezo wake leo ni ishirini na mbili."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Mwenyekiti alivua miwani akaipangusa. Yule msaidizi wa meneja alichukua kadi moja, akairudisha, akachukua nyingine. 

"Mbona hukusema mapema?" akaniuliza.

Nilimwambia kweli, kwamba niliogopa.

Wakakubali. Nilitoka na kalamu yangu, nikafuta sita, nikaandika ishirini na mbili.  Nilijua nimemwokoa na jambo moja na kumtupa katika lingine, na kwamba nilifanya hivyo bila ruhusa yake.

Mambo yalikwenda kama mkewe alivyotaka na kama yeye alivyoogopa, yote mawili. Kampuni ilimpeleka hospitali, barua za ulevi zikaondolewa, na msaidizi wa meneja akaenda nyumbani kwake kuomba radhi. Kisha akastaafishwa kwa ugonjwa, akapewa miezi mitatu kutoka kwenye nyumba. Hakunisalimia. Tulipishana mjini karibu na soko, akapita na mguu wake unaoburuta, akitazama mbele. Nilisimama pale na kabichi mkononi hadi mwenye kibanda akaniuliza kama nataka kitu kingine.

Wiki nane zikapita hivyo. Nilicheza Jumapili mbili tatu na watu wengine, kisha nikaacha. Nilifikiri amekufa kwangu kabla ya kufa.

Halafu mkewe akanitumia kipande cha karatasi kwa mkono wa jirani. Maandishi yalikuwa ya Injinia mwenyewe, madogo madogo, yakizidi kupungua hadi mwisho wa mstari kama mtu anayetembea kuondoka: "Jumapili saa mbili. Wewe 14, mimi 22. Tushindane."

Tofauti nane. Robo tatu ni sita. Mara hii mapigo sita yalikuwa yake.

Nilifika mapema. Alikuwa tayari amekwisha kufika, amevaa sweta ya kijani, na alikuwa amemeza dawa saa moja kabla ili imshike vizuri. Hakunipa mkono. Mkewe alikuwa naye, ndiye aliyemsimamishia mpira kwenye kijiti kila shimo, akiinama na kanga yake, kisha akarudi nyuma. Kanuni hazikatazi.

Alipiga mipira mifupi, lakini iliyonyooka. Alikuwa amejifunza mwili mpya, ule ule ambao hakutaka tuusome. Hakujaribu tena kuuvusha mpira mahali asipoweza. Aliupeleka mbele kidogo, akatembea polepole, akaupeleka tena. Mimi nilipiga mbali na kupotea majanini. Kwenye shimo la tano, lenye pigo lake, alimaliza kwa sita, nami kwa sita. Sita yake ikawa tano, akachukua shimo. Alitazama kadi kwa muda mrefu.  Ilimuuma kulipokea pigo lile, na alilipokea.

Hatukuzungumza ila namba. "Sita." "Tano." "Shimo lako." Kufikia shimo la kumi na sita nilikuwa mbele kwa moja. Nilikuwa naogopa kushindwa. Katikati ya huzuni yote ile, nikaona ninaogopa kweli, na nikajichukia, kisha nikaona naye anaogopa.

La kumi na saba ni refu, la pili kwa ugumu kwenye kadi, na hapo alikuwa na pigo lake la mwisho. Alipiga sita. Mimi nilitumbukia kwenye mfereji nikapiga sita. Yake ikawa tano. Tukawa sawa, na limebaki shimo moja lisilo na msaada kwa yeyote.

Sote tulifika grini kwa mapigo matatu, yeye kwa sababu hilo ni shimo fupi, mimi kwa sababu ya uoga. Mpira wangu ulikuwa hatua nne kutoka shimoni, wake hatua mbili. Aliye mbali hucheza kwanza. Niliinama, na kila kitu ndani yangu kikaniambia, kosa. Nani atajua? Mtu anahamishwa wiki ijayo, mwili wake unamwacha, umemwanika ubaoni mbele ya watu, mpe hiki. Nilimtazama mkewe, akatazama chini. Nilimtazama yeye. Alikuwa ananitazama bila kupepesa, mkono ukitetemeka juu ya fimbo, na nilielewa kwamba nikikosa atajua kabla mpira haujasimama.

Nilipiga kwa uwezo wangu wote. Mpira ulizunguka mdomo wa shimo ukaingia.

Ikawa zamu yake. Alichukua muda. Alizunguka shimo, akachuchumaa kwa shida, mkewe akamshika kiwiko akimwinua. Alipousukuma mpira, mkono ulitulia kabisa, kama ulivyokuwa ukitulia zamani. Mpira ukaenda taratibu, sawasawa kama alivyoutuma, ukapita upande wa kushoto wa shimo kwa upana wa kidole.

Alibaki ameinama. Nilidhani anaanguka, nikamkimbilia. Alikuwa analia, na uso wake usiosogea ulikuwa umelowa wote.

"Mkono ulikuwa sawa," akasema. "Umeona? Mkono ulikuwa sawa. Nimesoma mteremko vibaya."

"Nimeona, Injinia."

"Siku ya kombe ulinishinda ugonjwa. Leo umenishinda wewe." Alinishika bega, akaniegemea kwa uzito wake wote, na uzito wenyewe ulikuwa mdogo. "Sijakusamehe bado," akasema. "Lakini cheza hivyo hivyo."

Waliondoka Jumamosi iliyofuata, vitu vyao kwenye lori la kampuni, kuelekea kwao ziwani. Nilisaidia kupandisha kitanda na kabati. Mvua ilitukuta tukifunga turubai.

Likizo ya Aprili ya mwaka uliofuata nilikwenda kumwona. Alikuwa hawezi kusimama. Mkewe alimlisha uji kwa kijiko, nusu ukamtoka, akampangusa kidevu, akaanza tena. Nilikaa siku mbili. Nilimgeuza kitandani, nikamwogesha mgongo. Hakuweza kuzungumza zaidi ya maneno machache, na alichagua kuniuliza nimefikia ngapi. Nilimwambia kumi na tatu. Alifumba macho, nikadhani amelala.

"Mbona pole pole hivyo?" akasema.

Alikufa mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Nilipata habari baada ya mazishi.